Kikao Kiko Guangzhou, Mwili Bado Uko Dar

Kiwanda cha Guangzhou kinapomwandikia mfanyabiashara wa Kariakoo kwamba kikao cha bei kitakuwa Jumanne saa 3 asubuhi, kwao huo ni muda wa kawaida kabisa. Chai imeshanywewa, sampuli zimepangwa mezani, mkalimani amefika. Ila China nzima hufuata majira mamoja, nayo yapo mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Kwa mgeni aliyetua alfajiri ya siku hiyo hiyo, saa 3 asubuhi ya Guangzhou ni saa 10 usiku ya Dar es Salaam.

Hakuna wakati mbaya zaidi wa kubishania bei. Joto la mwili hushuka kadiri usiku unavyosonga, likafika chini kabisa muda wa saa 2 au 3 kabla ya mtu kuamka kwa mazoea yake. Aliyezoea kuamka saa 12 asubuhi hufika hapo yapata saa 9 na nusu usiku. Wakati huo na muda mfupi baada yake umakini unapungua, hesabu rahisi zinakuwa nzito, na mtu husikia baridi hata kama chumba hakina baridi. Ndiyo hali ambayo mgeni wetu angekaa nayo mezani huku akiulizwa idadi ya katoni, tarehe ya kupakia kontena na nani atalipia mzigo ukichelewa bandarini.

Wengi hudhani tatizo ni uchovu wa safari, kwamba ukilala vizuri ndani ya ndege umemaliza. Uchovu ni jambo moja, saa ya mwili ni jambo jingine. Saa hiyo iko ndani ya ubongo, kwenye fungu dogo la seli juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, na ndiyo inayoamua lini usingizi uje na lini joto lipande. Usingizi wa ndegeni hupunguza uchovu, lakini hausogezi saa hii kwa kiasi cha kuonekana. Kinachoisogeza hasa ni mwanga unaoingia machoni.

Tena mwanga huisogeza pande zote mbili. Ukiupata baada ya ile nukta ya chini ya joto, saa huenda mbele, nawe kesho yake unasinzia na kuamka mapema zaidi. Ukiupata kabla ya nukta hiyo, saa hurudi nyuma. Anayekwenda mashariki anataka iende mbele, na mwili wenyewe hufanya hivyo polepole, kama saa 1 tu kwa siku. Kwa tofauti ya saa 5, asiyejiandaa atahitaji siku 5 hivi, na wafanyabiashara wengi wakati huo wanakuwa wameshalipa malipo ya awali na wanafunga mabegi.

Kwa hiyo kazi inaanzia nyumbani. Tuchukue msafiri anayelala saa 4 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, ambaye ndege yake inaondoka Dar Jumatatu saa 8 mchana na kutua Guangzhou Jumanne saa 12 asubuhi. Ijumaa analala saa 3 usiku, Jumamosi anaamka saa 11 alfajiri. Usiku wa Jumamosi analala saa 2, Jumapili anaamka saa 10. Jumapili analala saa 1 jioni, na siku ya safari anaamka saa 9 usiku. Kila anapoamka anawasha taa zote na kukaa karibu na ile yenye mwanga mkali, kisha jua likichomoza anatoka nje kutembea walau saa nzima, maana taa ya sebuleni ni dhaifu mno ukilinganisha na mwanga wa nje hata kukiwa na mawingu. Jioni anafanya kinyume: pazia zimefungwa, taa hafifu, na simu mbali kwa saa 2 kabla ya kulala.

Kulala saa 1 jioni katika nyumba ya Dar si jambo dogo. Watoto wako macho, jirani amefungulia redio. Asiyeweza siku zote 3 afanye 2, kwani hata kusogea kidogo kuna faida.

Faida hiyo imepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, walichapisha matokeo ya ratiba ya namna hii: siku 3, saa 1 kila siku, na taa kali za asubuhi. Saa za mwili za washiriki zilisogea mbele kama saa 1 na dakika 40. Waliopewa pia melatonini mchana walifika saa 2 na nusu, na kipimo kidogo cha miligramu 0.5 kilifanya kazi karibu sawa na cha miligramu 3. Mtu wa nyumbani asiye na taa za maabara ajihesabie saa 1 na nusu hivi.

Ndani ya ndege, msafiri wetu anageuza saa ya mkononi ifuate Guangzhou mara tu anapoketi. Anakula, anabaki macho, kisha saa 6 usiku ya Guangzhou anafunika macho na kulala mpaka wahudumu waanze kugawa kifungua kinywa.

Sasa inakuja sehemu inayowaponza wengi. Ushauri unaosikika kila mahali ni kutoka juani mara ukifika. Kwa asiyejiandaa, nukta yake ya chini iko saa 2 na nusu asubuhi ya Guangzhou, kwa hiyo jua la saa 1 linaivuta saa yake kurudi Dar. Hata kwa aliyejiandaa, nukta hiyo imesogea mpaka saa 1 hivi. Basi avae miwani myeusi kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini, aoge, anywe chai, na kuanzia saa 2 na nusu aivue na kutembea nje kwa muda mrefu. Akizidiwa na usingizi, alale dakika 20 na kengele ya simu ikiwa imetegwa. Kahawa anywe nusu saa kabla ya kikao, asinywe baada yake.

Usiku wa kwanza, melatonini ya miligramu 0.5 hadi 3 saa 4 usiku ya Guangzhou husaidia. Mwenye kifafa au anayetumia warfarini asiiguse bila daktari, na aliyeimeza asiendeshe gari.

Utajuaje kama saa inakwenda upande sahihi? Angalia usingizi unakuja saa ngapi. Ukija mapema zaidi kila usiku, mambo ni mazuri. Ukizidi kuchelewa, saa 7, kisha saa 8, saa inarudi nyuma, na karibu kila mara sababu ni mwanga wa asubuhi uliopatikana mapema mno.

Na kabla ya yote hayo, kabla hata ya kukata tiketi, mwandikie mwenye kiwanda ujumbe mfupi. Mwombe kikao kihamie saa 9 alasiri. Kwa mwili uliotoka Dar, hiyo ni saa 4 asubuhi.