Kwa Nini Sindano Moja Haimtoshi Mtoto wa Mbwa

Mtoto wa mbwa mara nyingi huzaliwa tayari ana minyoo kutoka kwa mama yake. Dawa huanza akiwa na wiki 2, ikarudiwa kila wiki 2 hadi wiki 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mpime uzito kila mara, maana kipimo hufuata kilo.

Chanjo ina mtego wake. Kinga aliyoipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, huizima chanjo, na kwa macho huwezi kujua itaisha lini. Ndiyo maana chanjo ya pavo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu, hutolewa wiki ya 8, ya 12 na ya 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kwenye miezi 3.