Mvua Haikunyesha, au Haikupimwa?

Dodoma hukauka kuanzia Juni hadi Septemba. Anayeandika mvua ya Julai katika mji huo kwa kawaida huweka 0, na sifuri hiyo ni kipimo halali: mtu alikwenda kwenye kipimamvua, akachungulia, akakuta pakavu. Februari ni mambo mengine, maana ni mwezi wa mvua. Nafasi yake ikiwa tupu daftarini, basi kipimo hakikusomwa. Lakini chora chati ya pau kwa Excel, na miezi yote miwili itafanana: jina la mwezi liko chini, juu yake hakuna kitu. Pau ya sifuri haina kimo, na seli tupu haichorwi pau.

Dawa nyepesi ni kuwasha lebo za data. Julai itaandikwa 0, Februari itabaki bila namba.

Tatizo huanza pale seli inapoonekana tupu kumbe ina kitu. Wengi huvuta takwimu kutoka jedwali jingine kwa fomula hii:

```
=IF(B3="","",B3)
```

Kwa macho, seli haina kitu. Kwa Excel, ndani yake kuna maandishi, na maandishi kwenye chati huhesabiwa kuwa sifuri. Februari inapata lebo ya 0, na msomaji anaamini kulikuwa na ukame. Kistari au neno “hakuna” navyo huleta balaa hilohilo. Fomula salama zaidi kwa chati ni hii:

```
=IF(B3="",NA(),B3)
```

Hapo pau haichorwi, ingawa matoleo ya zamani ya Excel yanaweza kubandika #N/A penye lebo. Inakera, lakini angalau haidanganyi.

Kosa hili huvuruga hesabu pia. Tuseme daftari lina milimita 132 za Januari, Februari tupu, Machi 118, Aprili 50, Mei 4 na Juni 0. Wastani wa miezi mitano iliyopimwa ni 60.8. Ukiijaza Februari sifuri, unashuka hadi 50.7, kwa sababu AVERAGE huruka seli tupu lakini huhesabu sifuri.

Wanaotumia R wana afadhali: ggplot2 ikikutana na NA huiacha pau hiyo na kutoa onyo kwamba kuna mstari ulioondolewa. Matplotlib ya Python huiruka NaN kimyakimya. Mtego mkubwa wa Python uko nyuma ya chati, kwenye pandas: ukijumlisha siku za Februari ambazo zote ni NaN, sum() hukurudishia 0. Kabla hujachora, pengo limeshageuzwa kipimo. Kulizuia, andika sum(min_count=1); mwezi usio na hata siku moja iliyopimwa utabaki NaN, nawe utaweza kuandika “haikupimwa” mahali pa pau.