Pushapu huanzia ukutani

Wengi wanaoanza mazoezi nyumbani hulala sakafuni siku ya kwanza, wakajikakamua kwa pushapu tatu za kutetemeka, na kesho yake hata kuchana nywele ni shida. Wakajiona wavivu, kumbe mzigo ndio uliowazidi. Katika pushapu ya sakafuni mikono hubeba karibu asilimia 64 ya uzito wa mwili, kwa hiyo mwenye kilo 80 anasukuma kama kilo 51. Viganja vikiwa juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60, mzigo hupungua hadi kilo 33 hivi. Ukutani ni mdogo zaidi.

Basi mtu wetu wa kilo 80 aanze ukutani. Asimame hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, kisha akunje viwiko taratibu mpaka pua ikaribie ukuta, na kujirudisha huku akitoa pumzi. Asibane pumzi, maana hilo hupandisha presha ghafla. Viwiko vielekee nyuma kidogo, visitanuke kama mbawa, ili mabega yasiumie.

Apige mara nane, apumzike dakika moja au mbili, arudie hadi mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Kila mzunguko aukatishe akiwa bado ana uwezo wa kupiga mbili zaidi. Akifikisha 12 katika mizunguko yote bila kuhema sana, kwa siku mbili za mazoezi, ashuke hadi kwenye meza nzito, baadaye ngazi, mwishowe sakafu. Kiti cha plastiki kwenye vigae huteleza. Kiegemezwe ukutani au kiachwe kabisa.

Wapo wanaoshauri kupiga magoti. Si vibaya, ila mimi napendelea kushusha kimo, kwa sababu mwili unabaki umenyooka na mzigo unaongezeka kidogo kidogo. Dalili ya kushuka mapema mno ni kiuno kubonyea, tumbo likatangulia kufika chini kabla ya kifua. Hapo rudi hatua moja juu.

Misuli kuuma siku moja hadi tatu ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo si kawaida, acha. Ukisikia kifua kikibana, kizunguzungu au maumivu yanayokwenda kwenye mkono au taya, acha na uende hospitali mara moja. Vivyo hivyo mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola baada ya mazoezi mazito.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au kisukari, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kwanza. Makala haya hayachukui nafasi ya kupimwa. Na aliyekatiza mazoezi kwa wiki mbili kwa malaria au safari, asiendelee alipoishia, aanze hatua moja nyuma.