Vali ya mvuke wa petroli

Vali ya mvuke wa petroli ni vali ndogo ya umeme katika gari la petroli. Inaruhusu mvuke uliohifadhiwa kutoka kwenye tangi uingie katika injini na kuunguzwa humo badala ya kutoka hewani. Ikikwama wazi, gari huwa gumu kuwaka mara baada ya kujazwa mafuta, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi.

Inavyofanya kazi

Mvuke wa tangi hupita katika mpira hadi kwenye chombo chenye punje za mkaa, nao mkaa huunasa. Vali iko kati ya chombo hicho na njia ya hewa ya injini. Isipopata umeme hubaki imefungwa. Injini ikishapata moto, kompyuta yake huifungua na kuifunga haraka haraka, na injini huvuta mvuke kidogo kidogo.

Sababu ya ugumu wa kuwaka

Petroli inapomiminwa, husukuma mvuke uliokuwa tangini hadi kwenye mkaa. Vali ikiwa wazi, mvuke mwingi hufika katika njia ya hewa injini ikiwa imezimwa. Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa takriban kilo 1 kwa kilo 14.7. Dereva anapopiga staata, mvuke huo pamoja na petroli ya kawaida huzidi hewa iliyopo. Injini huzunguka bila kuwaka, au huwaka ikitetemeka na kunuka petroli, kisha hutulia baada ya muda mfupi. Mara nyingi husaidia kukanyaga mafuta wakati wa kupiga staata, kwa kuwa hewa huongezeka.

Utambuzi

Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari mara nyingi huonyesha P0496 au P0441, yaani mvuke unapita wakati usiotakiwa au kwa kiasi kisicho sahihi. Msimbo pekee hauthibitishi kwamba vali ndiyo mbovu. Fundi huwasha injini ikiwa baridi, huchomoa mpira unaotoka kwenye mkaa na kuweka kidole kwenye mdomo wa vali. Kidole kikivutwa hata baada ya kuchomoa waya wa vali, imekwama wazi. Vali iliyofunguliwa kutoka garini pia haipaswi kupitisha pumzi ikipulizwa bila umeme.

Gari likisumbua kila asubuhi, hata bila kujazwa mafuta, chanzo kinaweza kuwa kingine, kama vile betri au pampu ya mafuta.

Matengenezo

Vali iliyokwama kwa kawaida hubadilishwa. Zikikutwa punje nyeusi ndani yake, chombo cha mkaa kimepasuka: nacho hubadilishwa na mipira husafishwa, la sivyo vali mpya itakwama vilevile. Kuendelea kujaza baada ya pampu ya kituo kujizima kunaweza kuingiza petroli ya majimaji katika mkaa na kuuharibu.