Je, Wajua? Kengele ya Oda Inaweza Kunyamaza Hata Duka Likiuza Sifuri

Duka la mtandaoni likiharibika, mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Mteja anapiga simu kulalamika, au jioni hesabu zinafungwa na pengo linaonekana, na kwa wakati huo mauzo ya siku nzima yameshapotea. Ipo kanuni ya kukamata anguko la namna hiyo mapema. Haina gharama na inaenea kwenye mstari mmoja wa jedwali la Excel. Kinachoniudhi ni kusikia watu waliojaribu wakisema haifanyi kazi. Mara nyingi wameiziba masikio wenyewe, tena kwa kukosea safu moja tu.

Kanuni ni hii. Unachukua oda za siku chache zilizopita, tuseme 7, unatafuta wastani wake. Kesho unaiacha siku ya zamani kuliko zote, unaingiza mpya, unapiga hesabu tena. Huo ndio wastani unaosogea. Halafu unapima siku hizo zenyewe hupishana na wastani wao kwa kiasi gani. Kipimo hicho ndicho mchepuko sanifu. Leo ikiwa chini ya wastani kwa zaidi ya michepuko 3, kengele ilie.

Tuchukue mfano wa duka la vitenge la Kariakoo linalouza kwa tovuti na kupeleka mizigo kwa bodaboda. Wiki moja limepata oda 118, 124, 109, 131, 121, 115 na 122. Wastani ni 120, na mchepuko unakaribia 7. Mara 3 ya 7 ni 21, kwa hiyo kikomo ni 99. Siku ya 8 zinaingia oda 41.

Kumetokea nini? Cheti cha usalama cha anwani inayopokea uthibitisho wa malipo kimekwisha muda usiku. Mteja anabonyeza kununua, kisanduku cha namba ya siri kinatokea kwenye simu yake, anaijaza, pesa inakatwa. Kampuni ya simu inapojaribu kulijulisha duka kwamba malipo yamepokelewa, mtambo wake unakiona cheti kilichokwisha muda na kukata mawasiliano. Oda inabaki ikisubiri malipo ambayo tayari yamefanyika, na baada ya muda inajifuta. Zile 41 zilizopita ni za wanaolipa mzigo ukifika. Wakati huohuo tovuti inafunguka vizuri, picha zinaonekana, wageni ni walewale wa kila siku, na chombo kinachoangalia kama seva iko hewani kinaonyesha kijani tupu. Ndiyo sababu naipenda hesabu ya oda kuliko vipimo vya seva: haijali ni kipande gani kimekufa, inaona tu kwamba watu hawamalizi kununua.

Oda 41 ziko mbali sana chini ya 99, kwa hiyo kengele inapaswa kulia. Sasa tazama inavyonyamazishwa. Oda za siku 7 zilizopita ziko kwenye seli B2 hadi B8, na za leo ziko B9. Fomula sahihi ya kikomo ni hii:

```
=AVERAGE(B2:B8)-3*STDEV.S(B2:B8)
```

Lakini mtu akisikia "siku 7 za mwisho" huwa anahesabu na ya leo, anaandika hivi:

```
=AVERAGE(B3:B9)-3*STDEV.S(B3:B9)
```

Tofauti ni safu moja tu, ila ile 41 sasa imo ndani ya hesabu inayotakiwa kuipima. Mtuhumiwa ameketi na wazee wa baraza na anapiga kura katika kesi yake mwenyewe. Wastani unashuka kutoka 120 hadi 109. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mchepuko unaruka kutoka 7 hadi karibu 31, kwa sababu namba moja iliyo mbali na wenzake huuvimbisha kwa nguvu: kila umbali huzidishwa kwa wenyewe kabla ya kujumlishwa. Kikomo kipya kinakuwa takriban 17. Oda 41 ni zaidi ya 17, basi jedwali linasema mambo ni shwari.

Weka sifuri mahali pa 41, yaani duka halijauza hata kipande kimoja. Wastani unakuwa 103, mchepuko 46, na kikomo kinaanguka hadi hasi 35. Ili kengele ilie, duka lingepaswa kuuza chini ya hasi 35, jambo lisilowezekana labda mizigo ianze kurudi yenyewe dukani.

Wala hii si bahati mbaya ya namba nilizochagua. Kimahesabu, ndani ya kundi la namba 7 hakuna hata moja inayoweza kukaa mbali na wastani wa kundi lake kwa zaidi ya michepuko 2.27, hata ufanye nini. Kiwango hicho hupatikana kwa kugawa 6 kwa kipeuo cha pili cha 7. Kwa namba 10 mwisho ni 2.85. Lazima ufike namba 11 ndipo 3 iweze kuvukwa, na hapo pia ni kwa unywele tu, endapo siku nyingine zote zinalingana. Kwa hiyo anayetumia siku 7 pamoja na ya leo, kisha akaweka kikomo cha michepuko 3, ametengeneza kengele ambayo haitalia milele. Wanaotumia Python na pandas wanaangukia shimo lilelile wakiandika `oda.rolling(7)`. Dawa yake ni `oda.shift(1).rolling(7)`, inayosogeza oda ili siku ya leo ibaki nje ya dirisha.

Na hiyo 3 ilitoka wapi? Tarehe 16 Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, kiwanda cha vifaa vya simu nchini Marekani, alimwandikia mkuu wake waraka mfupi wenye mchoro wa kufuatilia ubora wa bidhaa. Humo ndimo ulimoanzia mtindo wa kuchora mistari ya kikomo juu na chini ya wastani. Shewhart aliishikilia 3 kwa sababu za kibiashara: kukimbilia kila mtikisiko ni hasara, na kupuuza hitilafu ya kweli nayo ni hasara. Ukipunguza hadi 2 na kupima kila saa, hata kama kila kitu ni kizima na namba zinatawanyika kwa mtindo wa kawaida, utaamshwa takriban mara 200 kwa mwaka bure. Kwa 3 ni kama mara 12. Mtu aliyeamshwa bure mara nyingi huzima kengele, hilo halihitaji hesabu.

Turudi dukani. Fomula imesahihishwa, kengele imelia siku ya 8, lakini ni Jumapili na fundi hapatikani. Siku ya 9 zinakuja oda 38. Kengele haisemi kitu. Siku ya leo iko nje ya hesabu kama inavyotakiwa, ila ile 41 ya jana sasa imo ndani, na kikomo kimeshuka hadi 17 kama tulivyoona. Mwenye duka anadhani tatizo limejitatua. Hapa ndipo wengi huumia, maana kanuni hii ilivyo huona kuanguka, haioni kulala chini. Siku zilizopigiwa kengele zisiingizwe kwenye dirisha mpaka hitilafu iondoke. Au acha wastani, tumia namba ya katikati: panga 41, 109, 115, 121, 122, 124, 131, na ya katikati ni 121. Pima umbali wa kila moja kutoka 121, kisha chukua umbali wa katikati, ambao ni 6. Uzidishe kwa 1.4826 ili ulingane na mchepuko, unapata karibu 9. Kikomo kinakuwa 94, ile 41 haikitikisi sana, na oda 38 zinaipigisha kengele kama kawaida.

Usiku nao una kasoro yake. Duka linalopata wastani wa oda 4 kwa saa huwa na mchepuko wa karibu 2, kwa sababu idadi ndogo za namna hii hutawanyika kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha wastani wake. Nne toa sita ni hasi mbili, na tumerudi kwenye kengele bubu. Wastani usipozidi 9, michepuko 3 haina maana. Hapo pima kimya badala ya idadi. Kwa oda 4 kwa saa, saa moja tupu hutokea yenyewe mara 2 hivi katika 100, lakini saa mbili tupu mfululizo hutokea mara 3 hivi katika 10,000. Saa mbili bila oda, mwamshe mtu.

Mwendo wa wiki nao usisahauliwe. Kama Jumamosi yako huuza mara mbili ya Jumanne, kuzichanganya kunavimbisha mchepuko bila hitilafu yoyote. Linganisha Jumamosi na Jumamosi. Ramadhani huhamisha ununuzi kwenda baada ya futari, na kwa kuwa hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, tarehe ileile ya mwaka jana haikusaidii.

Kengele ikishalia, angalia kwanza idadi ya wageni. Wageni wakiwa wameshuka pamoja na oda, tatizo liko nje ya duka, kama Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania na Kenya. Wageni wakiwa palepale na oda zimeanguka, nenda moja kwa moja kwenye malipo. Naona biashara zetu zikitoa pesa nzito kila mwezi kwa matangazo ya kuleta wageni, kisha wageni hao wanagonga ukuta kwenye ukurasa wa malipo na hakuna aliyepewa kazi ya kuutazama. Huko ni kumwaga pesa.

Kanuni hiihii hutumika kwenye mita za maji, miamala ya mashine za benki, mahudhurio ya kliniki, simu za huduma kwa wateja, mitambo ya umeme wa jua, tiketi za mabasi na kadhalika.

Kama tayari unalo jedwali lako, lijaribu leo: tengeneza nakala, andika sifuri kwenye oda za leo, uone kengele inasema nini. Ikinyamaza, rudisha fomula nyuma safu moja.