Nukta Zinazomtenga Baba na Papa

Andika be, uipe fataha. Andika be ya pili, nayo uipe fataha: بَبَ. Aliyepita chuoni atasoma "baba" bila kusita. Lakini ukikuta umbo hilo katika hati ya kale ya Lamu au Mombasa, usiharakishe. Huenda mwandishi alikusudia papa wa baharini, au pamba, au bamba. Herufi mbili, maneno manne.

Chanzo cha utata huu ni kwamba Waswahili walichukua herufi 28 zilizoundwa kwa sauti za lugha nyingine. Kiarabu hakina p, kwa hiyo p ikaingia katika nyumba ya be, sauti iliyo jirani yake mdomoni, maana zote mbili hutamkwa kwa kufumba midomo. V nayo ikahifadhiwa na fe, na g ikahifadhiwa na ghaini. Sauti mb ilileta shida ya namna nyingine. Mswahili hukata neno pamba hivi: pa-mba. Kwake mb ni sauti moja inayofungua silabi, na waandishi wengi waliiandikia herufi moja tu, be.

Irabu nazo hazikutosha. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi: fataha kwa a, kasra kwa i, dhuma kwa u. Kiswahili kina irabu tano. Kasra ikabeba i na e, dhuma ikabeba u na o. Kwa hiyo كِتِ ni kiti na pia ni kete, na كُكُ ni kuku na pia ni koko ya tunda.

Hata hivyo watu waliandikiana na wakaelewana. Barua za Kiswahili kutoka Kilwa, za mwaka 1711, bado zimehifadhiwa Goa, India. Msomaji wa wakati huo alikuwa na nusu ya maneno kichwani kabla hajafungua karatasi. Alimjua aliyemwandikia, aliijua habari yenyewe, na kama ni shairi, kina kilimsaidia: neno moja lisilo na shaka mwishoni mwa kipande lilimwonyesha irabu ya vipande vilivyobaki. Taabu humpata msomaji mgeni. Akikuta "amenunua بَبَ sokoni", baba na bamba atawaondoa haraka, lakini papa na pamba vyote huuzwa sokoni.

Dawa ya p ilikuwa imekwisha kupatikana kwa jirani. Waajemi walikuwa na shida iyo hiyo, wakaiongezea be nukta mbili chini ya ile moja, ikawa پ. Jimu yenye nukta tatu, چ, ikawa ch. Kwa v, nukta ya fe iliongezwa hadi tatu, ڤ, na ghaini ikafanyiwa vivyo hivyo kwa g, ڠ. Kwa mb, mimu yenye sukuni hutangulia be. Sasa turudi kwenye neno letu. Baba anabaki بَبَ. Papa ni پَپَ. Pamba ni پَمْبَ, na bamba ni بَمْبَ. Kila mmoja ana sura yake.

Mwaka 1997, Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa pamoja na P.J.L. Frankl walichapisha mapendekezo ya mfumo kamili. Humo e huandikwa kwa kijistari kinachosimama wima chini ya herufi, na o kwa dhuma iliyopinduliwa. Kiti na kete vikaachana, kuku na koko pia.

Tahadhari moja kwa anayeshika hati ya zamani: waandishi hawakufuata kanuni moja. Kwanza tafuta neno usilolitilia shaka, kama "pia" au "kupa". Ukiliona limeandikwa kwa be ya nukta moja, ujue kwamba kila be ya mwandishi huyo yaweza kuwa p. Ukiona nukta tatu, basi hata zile be za nukta moja zinakupa habari ya hakika zaidi.

Mfumo uliorekebishwa unafika hata mahali ambapo herufi za Kirumi hazifiki. Mzee wa Mombasa hutamka paa la nyumba bila pumzi, lakini paa wa porini humtamka kwa pumzi inayopulizwa baada ya p. Ndivyo ilivyo kwa kaa la moto na kaa wa pwani. Kwa Kirumi tunaandika paa na paa, kaa na kaa, kama yule mwandishi wa kale aliyeandika بَبَ na kumwachia msomaji abahatishe. Katika mfumo huu, herufi ھ, he ya macho mawili, hufuata پ pale penye pumzi, na mnyama hachanganywi tena na makuti ya nyumba.