Vidole Viwili, Ankara Mbili

Fedha zimeingia benki, shilingi 98,800, lakini aliyezituma hakuandika namba ya ankara. Mhasibu wa duka la jumla anaijua hali hii vizuri. Mteja ana ankara kumi ambazo hazijalipwa, hakuna hata moja yenye kiasi hicho, na simu yake haipatikani. Dhana ya kwanza ni kwamba mteja amelipa ankara mbili kwa mkupuo mmoja. Zipi?

Tuseme ankara zenyewe, zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, ni hizi: 12,500, 18,000, 23,400, 31,000, 37,600, 44,500, 52,000, 61,200, 74,000 na 89,500. Njia inayomjia kila mtu ni kujaribu jozi moja baada ya nyingine: ya kwanza na ya pili, ya kwanza na ya tatu, hadi mwisho, kisha ya pili na ya tatu, na kuendelea. Ankara kumi zina jozi 45, na mtu mwenye kikokotoo na subira atazimaliza. Lakini kwa ankara 10,000 za kampuni kubwa, jozi ni 49,995,000. Hapo hata kompyuta inaanza kulemewa, hasa ikiwa kazi hiyo inarudiwa kwa kila malipo yasiyo na namba.

Waandishi wa programu wana njia nyingine, nayo haihitaji chochote zaidi ya orodha iliyopangwa. Wanaiita njia ya vielekezi viwili. Kwenye karatasi, vielekezi hivyo ni vidole vyako.

Hatua saba

Weka kidole cha kushoto kwenye ankara ndogo kuliko zote na cha kulia kwenye kubwa kuliko zote. Jumlisha. Jumla ikizidi kiasi unachotafuta, sogeza kidole cha kulia hatua moja kuelekea kushoto. Ikipungua, sogeza cha kushoto hatua moja kuelekea kulia. Ikilingana, umepata. Vidole vikikutana kabla hujapata, jozi hiyo haipo.

Tuanze. 12,500 na 89,500 ni 102,000, imezidi, kwa hiyo kidole cha kulia kinashuka hadi 74,000. 12,500 na 74,000 ni 86,500, imepungua, cha kushoto kinapanda hadi 18,000. 18,000 na 74,000 ni 92,000, bado haitoshi. 23,400 na 74,000 ni 97,400, imekaribia lakini haijafika. 31,000 na 74,000 ni 105,000, sasa imezidi, na cha kulia kinashuka hadi 61,200. 31,000 na 61,200 ni 92,200, imepungua. 37,600 na 61,200 ni 98,800. Ndizo hizo.

Tumejumlisha mara saba badala ya kupitia jozi 45. Tusingekuwa na bahati, tungejumlisha mara tisa, si zaidi, kwa sababu kila jumla isiyolingana inavipunguzia vidole nafasi moja kati yao. Kwa ankara 10,000, kiwango cha juu ni mara 9,999.

Kwa nini jibu halirukwi

Msomaji makini atauliza: tulipoiacha 89,500 baada ya kuijaribu mara moja tu, tulijuaje kwamba haina mwenzake mahali pengine kwenye orodha? Jibu la swali hili ndilo moyo wa njia nzima.

Tuliijaribu 89,500 pamoja na ankara ndogo kuliko zote, na jumla ikazidi. Kama imezidi na iliyo ndogo kuliko zote, itazidi na nyingine yoyote. Hivyo jumla ile moja ilifunga jozi zote tisa zenye 89,500 ndani yake. Hatua iliyofuata ilikuwa kinyume chake. 12,500 ilijumlishwa na 74,000, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote zilizobaki, na bado haikufika. Basi haiwezi kufika ikiwa na nyingine yoyote iliyobaki, na jozi nane zaidi zikafungwa.

Endelea kuhesabu hivyo. Hatua ya tatu ilifunga jozi saba, ya nne sita, ya tano tano, ya sita nne. Jumla ni jozi 39 zilizoondolewa kwa kujumlisha mara sita. Zilizobaki ni jozi sita, zile za ankara nne kuanzia 37,600 hadi 61,200, na jaribio la kwanza kati ya hizo likatoa jibu.

Ndiyo maana kidole hakirudi nyuma kamwe. Kila ankara iliyoachwa imethibitishwa kwamba haina mwenzake wa kufikisha kiasi kile. Hoja hii haitegemei namba kuwa chanya, kwa hiyo hata orodha yenye marejesho yaliyoandikwa kwa alama ya kutoa inafuata kanuni ileile. Inategemea jambo moja tu: mpangilio. Bila mpangilio, hatuwezi kusema kwamba kilicho chini ya kidole cha kulia ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyobaki, na hoja yote inaanguka.

Kwa lugha ya Python, njia nzima ni mistari michache:

```python
def tafuta_jozi(a, lengo):
    i, j = 0, len(a) - 1
    while i < j:
        jumla = a[i] + a[j]
        if jumla == lengo:
            return i, j
        if jumla < lengo:
            i += 1
        else:
            j -= 1
    return None
```

Hapa `i` ni kidole cha kushoto na `j` ni cha kulia. Python huanza kuhesabu nafasi kwenye sifuri, kwa hiyo kwa orodha yetu programu itajibu `(4, 7)`, yaani ankara ya tano na ya nane.

Suala la kumbukumbu

Ipo njia nyingine maarufu isiyodai mpangilio. Unapita kwenye orodha mara moja, na kila unapokutana na kiasi unakiandika kwenye jedwali la hashi, yaani jedwali linaloweza kujibu mara moja kama namba fulani imo au haimo. Ukifika kwenye 61,200 unaliuliza jedwali: je, nimeshaiona 37,600? Njia hii nayo ni ya haraka, lakini jedwali linaweza kukua hadi kubeba karibu orodha nzima. Orodha ikiwa na namba milioni mia, kumbukumbu ya kompyuta inabeba orodha yenyewe na jedwali juu yake, na jedwali la hashi kwa kawaida huchukua nafasi kubwa kuliko namba lilizozihifadhi. Vielekezi viwili vinahitaji nafasi ya `i`, `j` na `jumla` tu, iwe orodha ina namba kumi au milioni mia.

Sifa hiyo ina sharti lake. Inasimama pale orodha inapokuja ikiwa imeshapangwa, kwa mfano inapotoka kwenye hifadhidata inayotunza kumbukumbu zake kwa mpangilio wa kiasi. Kama haijapangwa, itabidi uipange, na kupanga kunachukua muda mrefu kuliko utafutaji wenyewe. Pia baadhi ya njia za kupanga zinaomba kumbukumbu ya ziada: ile inayotumiwa na `sort` ya Python inaweza kuhitaji nafasi ya muda ya hadi nusu ya orodha. Asiyetaka kutumia hata hiyo ana njia ya kupanga iitwayo hipsoti, iliyochapishwa na J. W. J. Williams mwaka 1964, ambayo hupanga ndani ya orodha ileile. Kumbuka pia kwamba ukishapanga, nafasi za mwanzo zinapotea. Kila kiasi kinapaswa kutembea na namba yake ya ankara, la sivyo utajua viasi bila kujua ni vya karatasi zipi.

Makosa mawili ya kuangaliwa

Kosa la kwanza liko kwenye mstari wa `while`. Mtu akiandika `i <= j` badala ya `i < j`, programu inaruhusu vidole vyote viwili vikae juu ya ankara moja. Jaribu kutafuta 89,000 katika orodha yetu. Hakuna jozi yenye jumla hiyo, lakini programu yenye kosa itashuka na kupanda hadi vidole vikutane kwenye 44,500, kisha itangaze kwamba imepata: 44,500 na 44,500. Ankara moja imehesabiwa mara mbili. Dalili ni rahisi kuiona, kwani nafasi mbili zinazorudishwa zinafanana. Kama kweli zipo ankara mbili tofauti za 44,500, hapo hakuna tatizo, kwa sababu kila moja ina nafasi yake na njia sahihi itazipata.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa kuwa halipigi kelele. Viasi vikiwa vimehifadhiwa kama maandishi, kompyuta huvipanga kama kamusi inavyopanga maneno, herufi kwa herufi. Katika mpangilio huo 102000 inatangulia 12500, na 89500 inatangulia 9000. Orodha inaonekana imepangwa, na hata ukivigeuza viasi kuwa namba baada ya hapo, mpangilio unabaki uleule mbovu. Programu inafanya kazi bila kulalamika, kisha inasema jozi haipo wakati ipo. Dawa ni kugeuza kwanza kuwa namba ndipo upange, halafu upite kwenye orodha mara moja ukihakikisha kwamba hakuna kiasi kilicho kidogo kuliko kile kilichokitangulia. Kama kuna senti, hesabu kila kitu kwa senti nzima. Kompyuta hutunza desimali nyingi kwa kukadiria, na kwenye Python 0.1 kujumlisha 0.2 hakulingani sawasawa na 0.3.

Mwisho, jozi iliyopatikana inathibitisha hesabu, haithibitishi nia ya mlipaji. Katika orodha ndefu zinaweza kuwepo jozi kadhaa zenye jumla ileile, na programu hapo juu inasimama kwenye ya kwanza inayokutana nayo. Ukitaka zote, usisimame: iandike iliyopatikana, sogeza vidole vyote viwili kwa pamoja, uendelee hadi vikutane. Viasi vikijirudia kwenye orodha, itabidi pia uhesabu kila kimoja kipo mara ngapi, ili pasiwe na jozi inayopita bila kuandikwa. Ikitoka jozi moja tu, mhasibu ana jambo la kumuuliza mteja. Zikitoka tatu, asifunge ankara yoyote kabla mteja mwenyewe hajasema amelipa zipi.